Akaunti ya Saspensi: Amana ya Kosa Lisilojulikana Lilipo

Mwenye kuandika hesabu kwa njia ya pande mbili, akiisha kuhamisha kila shughuli kutoka madaftari ya mwanzo mpaka katika leja, hutoa masalio ya akaunti zote, akayapanga katika safu mbili, ya debiti upande wa kushoto na ya krediti upande wa kulia, kisha akazijumlisha. Na karatasi hiyo ndiyo iitwayo urari. Maadamu kila shughuli iliandikwa mara mbili kwa kiasi kimoja, jumla mbili hizo hazina budi kuwa sawa. Zisipokuwa sawa, lipo kosa mahali fulani kati ya stakabadhi ya kwanza na mstari wa mwisho, wala hapana tafsiri nyingine ya jambo hilo.

Hapo ndipo karani hupatwa na vishawishi viwili, na vyote viwili ni vibaya. Cha kwanza ni kusimamisha kila kitu mpaka kosa lionekane, ilhali wanachama wangoja taarifa na benki yangoja hesabu za robo mwaka. Cha pili, ambacho aghalabu hushinda, ni kutafuta akaunti nono isiyochunguzwa sana, kama ile ya matumizi mengineyo, na kuitia tofauti ndani yake kimyakimya, hata urari ukae sawa. Akaunti ya saspensi ilibuniwa ili karani asilazimike kutenda hata moja katika haya. Hufunguliwa akaunti mpya katika leja, ikaandikwa kiasi kile kile cha tofauti katika upande uliopungua, na jina lake likasema waziwazi kwamba ndani yake mna kitu kisichojulikana asili yake. Urari hulingana, kazi huendelea, na kosa huwa limewekwa amana mahali ambapo kila mwenye kufungua leja ataliona.

Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano mmoja tu, nao nitauweka Mkiwa, katika wilaya ya Ikungi, pale barabara itokayo Manyoni kwenda Singida inapoachana na ile iendayo Itigi, Rungwa na Makongolosi. Watu wa nyanda zile ni wakulima wa alizeti, na mahali penye njia panda hapakosi magunia yangojayo gari. Basi na tuchukulie kuwa pana chama kidogo cha wakulima, cha kubuni tu, kinachonunua alizeti ya wanachama wake, kinakamua kwa mashine moja, kinauza mafuta na mashudu, na kuwakopesha wanachama mbegu na mbolea wakati wa kupanda. Karani wake ni mmoja, madaftari yake ni ya karatasi, na tarehe 30 Septemba ametoa urari wake wa mwaka. Safu ya debiti imefika shilingi 48,630,000. Safu ya krediti imefika 48,550,000. Debiti imezidi kwa shilingi 80,000.

Kabla hajafungua akaunti yoyote mpya, karani huyu anapaswa kuhakikisha kwamba kosa haliko katika karatasi ya urari yenyewe, kwa kuwa makosa mengi huzaliwa pale pale na hayastahili heshima ya saspensi. Ajumlishe safu zote mbili upya, safari hii akianzia chini kwenda juu, kwa sababu jicho lililokosea likishuka hukosea vile vile likishuka tena. Atazame kama kila salio la leja limehamishiwa katika urari, hasa salio la fedha taslimu na la benki, ambayo husahauliwa kwa kuwa hukaa katika daftari lake peke yake. Aangalie kama salio limeandikwa katika safu yake: mauzo hayakai debiti, wala ununuzi haukai krediti. Kisha arejee masalio ya kufungulia mwaka, ayalinganishe moja moja na mizania ya mwaka uliopita. Kazi hii yote huchukua muda wa asubuhi moja katika chama cha kiasi hiki, na ikiwa tofauti imebaki pale pale, ndipo aandike shilingi 80,000 upande wa krediti wa akaunti ya saspensi, kwa tarehe 30 Septemba, na maelezo yasemayo: tofauti ya urari. Safu zote mbili sasa zinasoma 48,630,000.

Watu husema tofauti ndogo ni kosa dogo, na shilingi 80,000 katika milioni arobaini na nane ni kitu gani? Wakashauri ifutwe katika matumizi, watu walale. Ushauri huo unatokana na kudhani kwamba salio la saspensi ni kipimo cha kosa, hali si hivyo. Salio lile ni mabaki, yaani kile kilichosalia baada ya makosa ya upande huu kupunguzwa na makosa ya upande ule, na makosa mawili makubwa yenye kupingana yaweza kuacha mabaki madogo kabisa au yasiache chochote. Katika chama chetu, kama tutakavyoona, shilingi 80,000 zimeficha makosa yenye athari ya shilingi 460,000.

Ziko hila mbili za zamani za kutafuta, nazo ni njema zikijulikana mipaka yake. Ya kwanza ni kuigawa tofauti kwa mbili. Ikiwa kitu cha krediti kimeandikwa debiti, safu moja imeongezeka kwa kiasi chake na nyingine imepungukiwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo tofauti huwa ni mara mbili ya kitu chenyewe. Nusu ya 80,000 ni 40,000, basi karani atafute ingizo la 40,000 lililostahili krediti. Ya pili ni kuigawa kwa tisa. Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana mahali, tofauti hugawanyika kwa tisa pasipo baki, na jibu la mgawanyo huonyesha ni tarakimu zipi: tofauti ikiwa 27,000, mgawanyo wake ni 3,000, nao unasema kwamba tarakimu ya maelfu na ile ya makumi elfu zimebadilishana, na kwamba zinazidiana kwa tatu, mathalan 52,000 kuandikwa 25,000. Sifuri ikidondoka pia tisa huingia sawasawa.

Karani wetu alizijaribu zote mbili. Alipata ingizo la 40,000, mteja aliyelipa deni la mashudu, akalikuta limeandikwa krediti kama inavyostahili, wala hapakuwa na la kusahihisha. Akaigawa 80,000 kwa tisa, ikabaki nane, na hila ikamwambia kwamba hakuna tarakimu zilizobadilishana. Hila ilimdanganya, na sababu yake ni kwamba mbili hizi husema kweli tu ikiwa kosa ni moja. Makosa yakiwa mawili au zaidi, yaliyo ndani ya salio la saspensi yamekwisha changanyika, na kuligawa salio hilo ni kuugawa mchanganyiko. Kwa hiyo mtu azijaribu kwa nusu saa, kisha, zisipozaa matunda, aziache, aanze kazi ya kweli.

Kazi ya kweli ni ile aliyoieleza Luka Pacholi, mtawa wa Kifransisko, katika kitabu chake kilichochapishwa Venisi mwaka 1494: mtu mmoja ashike daftari la mwanzo na mwingine ashike leja, wa kwanza asome kila ingizo kwa sauti, wa pili alitafute na kulitia alama, mpaka pande zote ziishe, na lililobaki bila alama ndilo la kuulizwa. Karne tano zimepita na mimi sijaona njia iliyo bora kwa chama chenye madaftari ya karatasi. Nyongeza yangu ni mbili tu. Msomaji wa daftari asiwe yule aliyeliandika, kwa kuwa mwandishi husoma alichokusudia badala ya kilichoandikwa. Na rangi ya kalamu ya alama iwe ngeni katika vitabu vile, ili alama ya leo isidhaniwe ni ya mkaguzi wa mwaka jana.

Mweka hazina wa chama akaketi na karani, wakaanza. Kosa la kwanza lilitokea katika daftari la fedha: gari lililochukua magunia kutoka Mkiwa kwenda Singida mjini lililipwa shilingi 540,000, na hati ya malipo ilisema hivyo, na daftari la fedha lilisema hivyo, lakini katika leja akaunti ya usafiri iliandikwa 450,000. Tarakimu zilibadilishana, na debiti ilipungua kwa 90,000. Marekebisho yake huandikwa kwanza katika jarida, yenye tarehe, maelezo na namba ya hati, kisha katika leja: debiti akaunti ya usafiri shilingi 90,000, krediti akaunti ya saspensi shilingi 90,000.

Na hapo karani akashtuka. Alitazamia kwamba kosa likipatikana saspensi itapungua, badala yake ilikuwa na krediti ya 80,000 na sasa ina krediti ya 170,000. Nimewasikia makarani, na si wachanga tu, walioghairi marekebisho sahihi kwa sababu hii peke yake, wakidhani wamekosea upande. Lakini hesabu haikukosea. Kosa la usafiri lilikuwa linavuta kinyume na makosa mengine ambayo hayajaonekana, likiyapunguzia ukubwa. Lilipoondolewa, yale mengine yakajitokeza kwa kimo chao halisi. Kanuni ya kushika hapa ni kwamba kila marekebisho huthibitishwa kwa hati yake na si kwa jinsi salio la saspensi linavyotembea. Hati ikisema 540,000, akaunti ya usafiri isome 540,000, na saspensi ifuate itakakokwenda.

Kosa la pili halikupatikana katika kusoma, kwa maana wasomaji walikuwa wakilinganisha kiasi wakasahau kulinganisha upande. Nalo ndilo kosa la kawaida la kazi hii inapofanywa jioni. Lilipatikana kwa mwanachama mwenyewe. Mama huyo alikopeshwa mbegu na mbolea za shilingi 200,000, akalipa 135,000 baada ya mavuno, akapewa stakabadhi. Chama kilipotuma taarifa za madeni, yake ilisoma 335,000. Alikuja na stakabadhi yake mkononi, na kwa haki yake hakuja kwa upole. Malipo yake yaliandikwa debiti, kana kwamba amekopa tena, wakati yalistahili krediti. Deni lake halisi ni 65,000, na akaunti yake ilizidishwa kwa 270,000, yaani 135,000 mara mbili: mara moja ya kulifuta ingizo lililo upande usio wake na mara ya pili ya kuliandika upande wake. Makarani wengi husahihisha nusu, wakaandika 135,000 tu, na akaunti ikabaki ikisema 200,000, kana kwamba mama hakulipa hata senti. Marekebisho kamili ni debiti saspensi 270,000, krediti akaunti ya mwanachama 270,000. Saspensi iliyokuwa na krediti ya 170,000 sasa imevuka upande, ina debiti ya 100,000.

Kiasi hiki cha mviringo, chenye tarakimu moja na sifuri zilizofuata, ni dalili ya kosa la kujumlisha, kwa kuwa mtu akisahau kubeba moja kutoka safu hadi safu, hukosea kwa kumi, mia, elfu au laki kamili. Si hakika, lakini yatosha kumwelekeza mtafutaji pa kuanzia. Walijumlisha upya daftari la ununuzi, ukurasa baada ya ukurasa, na katika mahali ambapo jumla ya chini ya ukurasa huhamishiwa juu ya ukurasa ufuatao wakakuta 3,470,000 imehamishwa 3,370,000. Akaunti za wakulima walioleta alizeti zilikuwa sahihi kila moja, kwa kuwa ziliandikwa kutoka mstari wake. Akaunti ya ununuzi, ambayo huandikwa kutoka jumla ya mwisho, ndiyo iliyopungukiwa laki moja. Debiti ununuzi 100,000, krediti saspensi 100,000. Akaunti ya saspensi ikafungwa bila salio.

Ni vizuri kutoa urari upya hapo hapo, wala si kutosheka kwamba saspensi imefikia sifuri. Safu ya debiti iliyokuwa 48,630,000 imeongezwa 190,000 za usafiri na ununuzi, imepunguzwa 270,000 za mwanachama, imekuwa 48,550,000. Na safu ya krediti ilikuwa 48,550,000 tangu mwanzo. Zimelingana pasipo msaada wa akaunti yoyote ya muda. Na matokeo yake hayakuishia katika urari. Rasimu ya ziada ya mwaka ilikuwa shilingi 1,240,000, lakini gharama zilizokuwa zimepunguzwa kwa 190,000 sasa zimerudi, na ziada imeshuka kuwa 1,050,000. Kosa la mwanachama halikugusa ziada kabisa, kwa sababu ni la mali na wala si la mapato. Lakini lingempokonya mtu shilingi zisizo za chama. Lau ile 80,000 ingefutwa katika hesabu ya mapato kama watu walivyoshauri, kwa kuwa ilikuwa krediti ingeiongeza ziada mpaka 1,320,000, na chama kingegawana fedha isiyokuwapo.

Sasa niseme jambo ambalo saspensi haiwezi, kwa kuwa nadhani limewadhuru watu kuliko ile dhana kwamba tofauti ndogo ni kosa dogo. Katika kusoma madaftari wale wawili waliona hati ya fundi ya shilingi 300,000, aliyebadilisha vipuri vilivyochakaa vya mashine ya kukamua, nayo imeandikwa debiti katika akaunti ya mashine. Hayo ni matengenezo. Mashine haikuongezeka thamani, imerudishwa tu ilipokuwa. Lakini debiti ilikuwapo na krediti ilikuwapo, kila moja 300,000, na kwa hiyo urari haukutikisika wala saspensi haikupata habari. Marekebisho yake hayapiti katika saspensi hata kidogo: debiti matengenezo 300,000, krediti mashine 300,000, na ziada ikashuka tena mpaka 750,000. Hapa ndipo mtihani hupotea kwa wanafunzi wengi, na nje ya mtihani hupotea fedha: huiingiza saspensi katika kila marekebisho kwa mazoea, na hivyo wakaizalia salio ambalo halikuwapo. Swali la kujiuliza ni moja: kosa hili lilifanya safu mbili zisilingane? Likijibiwa ndiyo, upande wa pili wa marekebisho ni saspensi. Likijibiwa hapana, upande wa pili ni akaunti nyingine iliyokosewa.

Katika kundi hili lisiloonekana na urari imo pia shughuli iliyosahauliwa kabisa, kama mauzo ya mashudu ambayo hayakuandikwa mahali popote. Malipo ya mwanachama mmoja yaliyoandikwa kwa mwenziwe wa jina moja. Na makosa mawili yaliyofidiana kwa kiasi sawa. Yote hayo huishi kwa raha chini ya saspensi yenye sifuri. Dawa zake ni nyingine: kulinganisha na taarifa ya benki, kuhesabu ghala, kuwapelekea wanachama taarifa zao.

Yafaa pia kutofautisha saspensi ya makosa na fedha iliyoingia katika akaunti ya benki au ya simu bila jina la mlipaji. Baadhi ya vyama huiweka fedha hiyo katika akaunti iitwayo saspensi pia. Hapo urari haukuvunjika. Benki imepata debiti yake, na krediti yangoja mwenyewe ajulikane. Si vibaya, ila iwe akaunti yake peke yake, kwa kuwa mabaki ya makosa yakichanganywa na fedha za watu hapana awezaye kuyatenganisha baada ya miezi sita.

Waliohamia katika kompyuta wataniambia kwamba mashine haikubali ingizo la upande mmoja, na kwamba habari hizi ni za kale. Ni kweli kwa shughuli za kila siku. Lakini siku ya kuhama, karani anapoingiza masalio ya kufungulia kutoka katika vitabu vya karatasi, tofauti yote ya zamani huingia naye. Programu ya Tally, ambayo ni maarufu katika nchi zetu, huionyesha katika mizania kwa mstari usemao `Difference in opening balances`, na mstari huo hauondoki mpaka masalio yasahihishwe. Nimeona watu wakiuondoa kwa kubadili salio la mtaji. Huko ni kurejea katika kishawishi kile cha pili tulichoanza nacho, isipokuwa sasa kimefanywa kwa kubonyeza.

Ikiwa mwaka umekwisha, utafutaji umefanywa kwa ukamilifu, na bado pamesalia kiasi, basi kiasi hicho kionyeshwe katika mizania kwa jina lake, miongoni mwa mali kikiwa debiti na miongoni mwa madeni kikiwa krediti, pamoja na maelezo ya lililokwisha tafutwa. Vyama vya ushirika vya Tanzania hukaguliwa kwa kawaida na Koasiko, Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, na mkaguzi yeyote akiona akaunti hii huuliza mambo matatu: ilifunguliwa lini, kila ingizo lake lina hati gani, na nani aliyeidhinisha. Kwa hiyo nyuma ya akaunti pawe na ukurasa wa orodha, kila mstari ukionyesha tarehe, kiasi, dhana iliyopo na jina la mwenye kuifuatilia. Ingizo lisemalo «marekebisho» peke yake lisikubaliwe, wala mtu aliyeweka kiasi katika saspensi asiwe yeye peke yake mwenye ruhusa ya kukitoa. Maana mwizi wa ndani akitaka mahali pa kuficha upungufu wa fedha taslimu, hapana akaunti imfaayo kuliko ile ambayo watu wote wamezoea kuiona ina salio wasiloliuliza.

Na kwa chama cha kiasi cha huyu wetu wa Mkiwa, urari utolewe kila mwisho wa mwezi badala ya kungoja Septemba. Gharama yake ni karatasi moja na nusu siku ya karani. Tofauti ikitokea Julai, kosa limo katika kurasa za Julai, na wasomaji wawili watazimaliza kabla ya adhuhuri.